Dirisha likitoka jeupe kwenye picha ya chumba: namna ya kurudisha mandhari ya nje kwa simu yako

Msikilizaji, huenda jambo hili limeshakukuta. Umefagia chumba, umetandika kitanda, umefungua pazia ili anayetazama picha aone bonde na milima iliyoko nje. Unapiga picha, unaitazama, na chumba kimetoka vizuri kabisa. Lakini dirisha limekuwa jeupe kama karatasi. Bonde halipo, milima haipo, hata mti ulioko hatua tano kutoka ukutani hauonekani.

Swali hili lilitufikia kutoka kwa mama mmoja wa Lushoto, kwenye milima ya Usambara, anayepangisha vyumba viwili kwa wageni. Dirisha la chumba kimoja linatazama bonde lenye mashamba ya mboga na mikaratusi, na kwa maneno yake mwenyewe, "mgeni analipia dirisha, kitanda anacho kwao." Picha alizokuwa akizituma kwa wateja zilionyesha kila kitu isipokuwa hilo dirisha. Kijana wa nyumbani akajaribu kumsaidia: alichukua picha ya Mlima Kilimanjaro mtandaoni, akaibandika kwenye ule weupe. Picha ikapendeza. Mgeni akaja na malipo ya awali ameshatuma, akafungua pazia, akauliza, "Mama, mlima wenye theluji uko wapi?" Ikabidi mama arudishe fedha.

Katika makala hii tutafuata chumba hicho hatua kwa hatua: kwa nini dirisha linatoka jeupe, namna ya kupata mandhari yake halisi, na namna ya kuiweka mahali pake bila picha kuonekana imebandikwa. Utahitaji simu ya kawaida yenye kamera na programu moja ya bure.

Kwa nini dirisha linatoka jeupe

Jua la mchana likiwa wazi, mwanga wa nje unafika karibu laki moja kwenye kipimo kiitwacho luksi. Ndani ya chumba chenye dirisha moja, mara nyingi ni mia chache tu. Kwa hiyo nje kuna mwanga mara mamia kuliko ndani. Jicho lako halisumbuki sana, kwa sababu ukitazama kitanda linajipanga kwa kitanda, na ukitazama dirisha linajipanga upya. Kamera haina nafasi hiyo. Kwa picha moja inachagua kiwango kimoja cha mwanga, na kwa kuwa chumba ndicho kinachojaza sehemu kubwa ya picha, inachagua cha chumba.

Fikiria kipima mvua kilichochomekwa shambani. Kikijaa hadi mdomoni, mvua inayoendelea kunyesha inamwagika, na asubuhi ukikisoma huwezi kujua ilimwagika kidogo au nyingi. Kamera nayo ina mamilioni ya vipimo vidogo vya mwanga. Kila nukta ya picha ya kawaida inaandikwa kwa namba kuanzia 0, ambayo ni nyeusi tii, hadi 255, ambayo ndiyo mwisho wa weupe. Mlima uliokuwa na mwanga kiasi fulani na anga lenye mwanga zaidi, vyote vikijaza kipimo, vinaandikwa 255. Hapo tofauti kati ya mlima na anga imepotea, wala haijajificha mahali popote ndani ya picha.

Ndiyo maana kulitia giza dirisha baadaye hakusaidii. Weupe mtupu ukiupunguza unapata kijivu kitupu.

Lakini kabla ya kuhangaika, pima kwanza. Pakua programu ya Snapseed, ambayo ni ya Google, haina malipo, na ukishaipakua inafanya kazi hata bila intaneti. Fungua picha yako, gusa Tools, kisha Tune Image. Telezesha kidole juu au chini hadi uone neno Highlights, halafu telezesha kwenda kushoto hadi mwisho, yaani -100. Sasa tazama dirisha. Yakianza kutokea majani, au mstari wa kilele cha mlima, basi kipimo hakikujaa kabisa, na huenda marekebisho hayo pekee yanakutosha. Likigeuka kijivu kisichokuwa na kitu ndani yake, mandhari hayo hayamo kwenye picha hiyo. Lazima yatoke kwenye picha nyingine.

Picha ya yule mama ilitoka kijivu.

Picha mbili kutoka sehemu moja

Dawa yake ni kupiga picha mbili bila kuisogeza simu: ya kwanza kwa ajili ya chumba, ya pili kwa ajili ya dirisha. Kisha unachukua dirisha la picha ya pili na kuliweka kwenye picha ya kwanza.

Anza kwa kuchagua saa. Dirisha la mama yetu linatazama mashariki. Asubuhi jua liko mbele ya dirisha, linaingia moja kwa moja kwenye lenzi, na bonde lenyewe liko kwenye kivuli au ukungu. Hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote. Kuanzia saa 9 alasiri jua limehamia nyuma ya nyumba na linalipiga bonde usoni, kwa hiyo matuta ya mboga na miti vinaonekana vizuri. Kama dirisha lako linatazama magharibi, fanya kinyume chake, piga asubuhi. Kwa vyovyote vile, fungua mlango na mapazia yote ili ndani kupate mwanga zaidi, na uzime balbu. Mwanga wa balbu ya rangi ya manjano na mwanga wa nje haufanani, na ukichanganya huo wote kwenye picha moja ukuta utatoka na madoa ya rangi mbili. Usitumie taa ya kamera, maana itarudi kwenye kioo cha dirisha kama nukta kali nyeupe.

Pili, iweke simu mahali ambapo haitatikisika. Stendi ya kamera ni nzuri ukiwa nayo. Kama huna, weka kiti juu ya meza, weka juu yake bakuli lililojaa mchele, uisimamishe simu ndani ya mchele. Mama yetu alitumia kinu alichokigeuza chini juu, na simu akaiegemeza kwenye pakiti mbili za unga. Washa kipima muda cha kamera, sekunde 3 zinatosha, ili kidole chako kisiitikise simu wakati wa kupiga. Futa lenzi kwa kitambaa kikavu, kwa sababu mafuta ya kidole kwenye lenzi yanaueneza mwanga wa dirisha hadi ukutani kama ukungu.

Tatu, piga picha ya chumba. Gusa kwenye skrini mahali palipo na ukuta au shuka, usiguse dirisha, kisha uendelee kubonyeza hapo kwa muda. Simu nyingi zitaonyesha alama ya kufuli au maneno AE/AF LOCK, maana yake kamera imefunga kiwango cha mwanga na umbali. Piga. Dirisha litatoka jeupe, na safari hii liache hivyo.

Nne, bila kugusa kitu kingine, piga picha ya dirisha. Pembeni ya pale ulipobonyeza kuna alama ya jua. Iteleze kwenda chini taratibu. Utaona chumba kinaingia gizani na bonde linaanza kujitokeza dirishani. Simama pale ambapo mlima na miti vinaonekana wazi lakini anga bado linang'aa. Piga. Halafu iteleze alama hiyo juu kidogo, upige na ya tatu, yenye mwanga wa katikati. Hiyo ya tatu utaona faida yake baadaye.

Huenda ukajiuliza kwa nini usiguse tu dirisha, kamera ijipange yenyewe. Ukigusa dirisha, simu inabadilisha mwanga, lakini pia inahamisha umbali wa kuona kutoka kitandani hadi mlimani. Lenzi inaposogea hivyo, picha nzima inakuwa kubwa au ndogo kidogo, na fremu ya dirisha kwenye picha mbili haitalingana. Ukifunga kwanza na kubadilisha mwanga peke yake, zinalingana. Kama kwenye simu yako alama ya jua haifiki chini vya kutosha, na dirisha bado ni jeupe, hapo ndipo uguse dirisha, ukijua utakuwa na kazi ndogo ya kulinganisha.

Wenye simu yenye sehemu ya Pro kwenye kamera wana njia iliyo wazi zaidi. Wanaacha ISO ileile kwenye picha zote mbili na kubadilisha kasi tu. Kwa mfano, chumba kwa 1/15 ya sekunde na dirisha kwa 1/1000. Picha ya pili inapokea mwanga pungufu mara 60 na kitu, na mara nyingi hiyo inatosha kwa mchana wa jua.

Kuziunganisha ndani ya Snapseed

Majina nitakayoyataja yanasomeka kwenye skrini kwa Kiingereza. Matoleo mapya ya programu yanaweza kuwa yamepanga vitufe mahali tofauti, kwa hiyo tafuta jina lenyewe.

Fungua picha ya chumba, ile yenye dirisha jeupe. Gusa Tools, kisha Double Exposure. Chini utaona alama ya picha yenye kijumlisho. Iguse, uchague picha ya dirisha. Picha hizo mbili sasa zimelaliana. Usiburute kitu kwa vidole, maana kama simu haikusogea, zimeshakaa sawasawa. Gusa alama ya tone la maji, utelezeshe kipimo chake hadi mwisho wa kulia. Chumba kitaingia gizani, kwa kuwa sasa unaona picha ya pili peke yake. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Gusa alama ya vema chini kulia.

Kama picha zimepishana kidogo, rudi ndani ya Double Exposure kabla ya kukubali. Rudisha kipimo cha tone katikati ili uzione zote mbili kwa pamoja, halafu kwa vidole viwili sogeza ile ya pili hadi kona za fremu ya dirisha zikutane. Tazama kona ya juu kushoto na ya chini kulia. Hizo mbili zikikaa, nyingine zinafuata. Kisha peleka kipimo kulia hadi mwisho.

Sasa inakuja sehemu yenyewe. Juu ya skrini kuna alama ya karatasi zilizopangana. Iguse, uchague View edits. Utaona orodha ya ulichofanya, na mojawapo ni Double Exposure. Iguse, kisha gusa alama ya brashi katikati. Chumba chako chenye mwanga kitarudi, na dirisha jeupe litarudi. Chini utaona maneno Double Exposure na namba. Hakikisha ni 100. Sasa kila utakapopaka kwa kidole, picha ya pili itatokea hapo tu.

Kidole ni kinene na dirisha ni dogo, kwa hiyo ikuze picha kwa vidole viwili kabla ya kupaka. Kadiri unavyoikuza, ndivyo brashi inavyokuwa ndogo juu ya picha. Anza katikati ya kioo, jaza taratibu, halafu ukuze zaidi unapokaribia fremu. Ukivuka na kuingia ukutani, doa jeusi litaonekana mara moja. Punguza namba hadi 0, upake juu ya doa, ukuta utarudi. Alama ya jicho inakuonyesha kwa rangi nyekundu mahali ulipopaka, na ni msaada mkubwa wa kugundua vipande ulivyoruka.

Fremu, nondo na wavu

Mahali ambapo kazi hii huumbuka ni pembezoni mwa dirisha. Katika picha ya chumba, mwanga mkali wa nje umevuja na kumeza kingo. Nondo zinaonekana nyembamba kuliko zilivyo, na fremu ina ukingo mweupe kama moshi. Ukipaka kioo tu na kuukwepa ukingo huo, utabaki na mstari mweupe unaozunguka mandhari. Hiyo ndiyo alama ya kwanza inayomwambia mtazamaji kwamba picha imeunganishwa.

Usihangaike kupaka katikati ya nondo na nondo. Paka moja kwa moja juu yake, mandhari na nondo pamoja. Katika picha ya dirisha nondo zimetoka nyeusi na kwa unene wake wa kweli, na ndivyo macho yetu yanavyoziona tukitazama nje mchana. Wavu wa mbu nao ufanye hivyohivyo. Ukitaka bonde lionekane wazi zaidi, ushushe wavu kabla ya kupiga picha zote mbili, maana kuuondoa baadaye kwa brashi ni kazi isiyoisha.

Kwa fremu yenyewe, weka namba 50, upake mara moja kuizunguka. Fremu itakuwa katikati ya giza na mwanga, na mpaka hautakuwa mkali kama uliokatwa kwa mkasi. Pazia jepesi linalopitisha mwanga lifanyie vivyo hivyo, kwa 25 au 50.

Mandhari yabaki na mwanga kuliko chumba

Ukimaliza kupaka, irudishe picha kwenye ukubwa wake wa kawaida, uiweke simu mbali kidogo na uso, uitazame. Mara nyingi utaona kitu kimoja: bonde liko wazi, rangi zimekolea, na bado moyo unakataa. Dirisha linafanana na kalenda iliyotundikwa ukutani.

Sababu ni kwamba mandhari yamekuwa na mwanga sawa na chumba, au hata giza kuliko chumba. Sote tumezoea kwamba nje mchana kunang'aa kuliko ndani. Sakafu ya saruji karibu na dirisha inametameta, ukingo wa kitanda unawaka, na jicho linauliza mwanga huo wote umetoka wapi ikiwa nje kumepoa hivyo.

Dawa yake ni rahisi. Rudi kwenye brashi, weka namba 75, upake upya juu ya mandhari yote. Robo moja ya weupe wa zamani inarudi na kuchanganyika na bonde. Rangi zinapauka kidogo, mlima wa mbali unapata utando kama wa hewa ya mchana, na dirisha linaanza kuonekana kama dirisha. Kama weupe huo unaleta ukungu mwingi, tumia ile picha ya tatu yenye mwanga wa katikati badala ya ile ya giza, na upake kwa 100. Kwa chumba cha Lushoto ile ya tatu ndiyo iliyokaa vizuri: anga likabaki karibu na weupe, lakini mikaratusi na matuta vikasomeka.

Kama picha ya chumba ilishapigwa zamani

Kuna wanaoniuliza: picha ya chumba ninayo tayari na imetoka vizuri sana, sitaki kuirudia, je, naweza kupiga mandhari peke yake leo? Inawezekana, ukifuata mambo mawili.

La kwanza ni mahali na kimo. Simama palepale kamera ilipokuwa, ukiishika simu kwa kimo kilekile, na usiikuze kamera kuliko ilivyokuwa. Wengi huenda hadi dirishani, wanapiga bonde zima, kisha wanalipunguza ili lote lienee ndani ya fremu. Hapo milima inakuwa midogo kama vichuguu. Mtu aliyesimama karibu na mlango haoni bonde zima kupitia dirishani. Anaona kipande tu, na mlima ulioko mbali una ukubwa uleule awe mlangoni au dirishani. Ikiwa ni lazima usogee hadi dirishani, tumia kamera bila kuikuza kama ulivyofanya kwenye picha ya chumba, na ukiwa ndani ya Double Exposure usiipunguze picha ya pili. Sogeza tu hadi kipande sahihi kikae ndani ya fremu.

La pili ni mwelekeo wa mwanga. Tazama sakafu kwenye picha ya chumba. Kama kuna kipande cha jua kimelala upande wa kushoto, saa uliyopiga chumba jua lilikuwa likiingia kutoka kulia. Mandhari ya nje lazima yawe ya saa hiyohiyo, vivuli vya miti vikilala upande uleule. Na kama sakafu inaakisi weupe wa mchana, usiweke anga jekundu la machweo. Sakafu itakusema.

Iwe mandhari ya dirisha hilohilo

Narudi kwa yule mgeni aliyeutafuta mlima wenye theluji. Kiufundi, njia niliyoieleza inaweza kuweka bahari ya Pangani kwenye dirisha la Lushoto, na mtazamaji asigundue. Tofauti iko hapa: kuunganisha picha mbili za dirisha lilelile ni kumwonyesha mteja kile ambacho jicho lake litakiona akifika. Kuweka mandhari ya mahali pengine ni kumuuzia kitu kisichokuwepo. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na picha ya tangazo nayo ni kauli ya mfanyabiashara.

Kwa hiyo nguzo ya umeme iliyoko mbele ya dirisha ibaki. Bati la jirani libaki. Kama mvua zimekwisha na bonde limekauka, mgeni wa mwezi wa 9 hapaswi kutumiwa kijani cha mwezi wa 5 bila kuambiwa. Chagua saa nzuri na pembe nzuri, hilo ni haki yako. Lakini kilichoko dirishani kiwe kile atakachokikuta.

Kuhifadhi na kutuma

Ukiridhika, gusa alama ya vema, kisha Export, uchague Save a copy ili picha zako za awali zisiguswe. Zihifadhi zote mbili, ya chumba na ya dirisha, maana siku ukigundua kosa pembeni mwa fremu utaanza nazo upya. Kazi ya kuunganisha ifanyie kwenye picha zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera. Picha iliyopita kwenye WhatsApp imeshapunguzwa, na kingo za fremu zinakuwa na vumbi linaloharibu kazi ya brashi. Wakati wa kumtumia mteja kwa WhatsApp, itume kama hati, siyo kama picha ya kawaida, ili ifike na ukubwa wake wote.

Na kama kazi yote hii ya brashi imekuwa nzito kwako, iko njia moja isiyohitaji programu yoyote. Washa taa za chumba, isimamishe simu yako kama tulivyoeleza, usubiri jua lizame. Dakika 15 hadi 20 baadaye, mwanga wa nje unashuka hadi kukaribiana na wa balbu za ndani. Piga picha moja kila baada ya dakika mbili. Katika hizo, moja au mbili zitakuwa na chumba chenye mwanga na dirisha lenye anga la buluu na mlima mweusi chini yake, katika pigo moja. Fursa hiyo ni fupi, na huku kwetu giza huingia haraka, kwa hiyo hakikisha simu imeshakaa mahali pake kabla jua halijazama.